Namna ya Kumwambia Rafiki Kwamba Mwenzi Wake Anambana

Mwanamke anayebanwa na mwenzi wake hapotezi marafiki zake wote kwa siku moja. Kwanza anaacha kwenda kikoba, kisha hatokei kwenye harusi aliyoichangia, kisha simu yake inaanza kupokewa na mtu mwingine. Baada ya mwaka mmoja au miwili, aliobaki nao ni mume, watoto na ndugu wa mume. Wewe uliyekuwa naye karibu umeyaona hayo yote, lakini unasita kusema. Umelelewa ukiambiwa mambo ya ndani ya watu hayaingiliwi, na unajua kwamba anayegusa ndoa ya mwenzake huitwa mchonganishi, au huambiwa ana kijicho.

Kusita huko kuna sababu. Maneno yakitoka vibaya, rafiki anaweza kuyafikisha kwa mume, mume akapiga marufuku urafiki wenu, na yeye akabaki mpweke kuliko mwanzo. Lakini ukinyamaza kabisa, rafiki naye huamini kwamba watu wote wameona na wameridhika. Inawezekana kusema bila kumpoteza, ila inabidi ujue kwanza unatafuta nini.

Usitafute amwache mume wake. Uamuzi huo si wako, na mara nyingi yeye mwenyewe hajaufikia. Katika mazungumzo ya kwanza tafuta jambo dogo zaidi: aondoke akijua kwamba umeona, hukumdharau, na siku yoyote akitaka kusema atakukuta. Anayembana mwenzake huanza kwa kumtenga na watu. Rafiki asiyetengeka ndiye anayeivuruga kazi hiyo, na kila hatua inayofuata hapa inalenga kukufanya uwe rafiki wa namna hiyo.

Hakikisha unachokiona

Tuchukue mfano wa kutunga, wenye mambo ambayo wengi watayatambua. Rehema na Zaina wanauza khanga na madera katika soko la Tandika, Dar es Salaam, meza zao zikiwa jirani. Rehema anaishi na mumewe, Baba Jamila, na wana mtoto mmoja. Zamani Rehema alikuwa mhimizaji mkuu wa kikoba chao. Siku hizi ameacha, anasema hana muda. Mumewe anajua namba ya siri ya M-Pesa yake, na kila jioni Rehema humkabidhi mauzo yote, kisha asubuhi hupewa nauli. Akipigiwa simu ya video lazima aipokee hapo hapo na kuizungusha kamera ili mume aone amekaa na nani. Sikukuu ya Idi hakwenda kwa dada yake Morogoro kama alivyozoea, kwa kuwa mume anasema dada huyo anamfundisha tabia mbaya. Zaina hajawahi kuona alama ya kipigo. Anachokiona ni kwamba simu ikiita, Rehema hushtuka.

Je, hapo kuna jambo la kusemwa? Kipo kipimo kinachoweza kukusaidia. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, zilizofanyika Tanzania na Kenya kwa mara ya karibuni mwaka 2022, huwauliza wanawake maswali kuhusu tabia za mwenzi. Katika fungu hilo huulizwa: je, anaona wivu au hukasirika ukizungumza na wanaume wengine? Anakutuhumu mara kwa mara kuwa si mwaminifu? Anakukataza kukutana na marafiki zako wa kike? Anajaribu kupunguza mawasiliano yako na ndugu zako? Anataka kujua uko wapi kila saa? Maswali haya hayagusi kipigo. Yanaulizwa kwa sababu kubanwa ni jambo linalosimama lenyewe, na mara nyingi huambatana na ukatili wa aina nyingine.

Tabia moja iliyotokea mara moja haitoshi. Evan Stark, mwanasosholojia wa Marekani aliyeandika kitabu kuhusu jambo hili mwaka 2007, alisisitiza kwamba kubanwa hakuonekani katika tukio moja, bali katika mwenendo: mambo madogo mengi ambayo kwa pamoja humnyima mtu uhuru wake wa kila siku. Uingereza na Welisi ziliufanya mwenendo huo kuwa kosa la jinai katika sheria ya mwaka 2015. Kenya nayo, katika sheria yake ya mwaka huo huo ya kuzuia ukatili wa majumbani, iliutaja unyanyasaji wa kiuchumi na wa kisaikolojia miongoni mwa aina za ukatili.

Hapa inabidi uwe mwangalifu, usije ukamtia mtu hatiani kwa desturi ya nyumba yake. Katika nyumba nyingi za kwetu mke huaga kabla ya kutoka, na wapo wanaume nao wanaoaga. Kuna wanandoa wanaoweka fedha pamoja kwa hiari, na wengine wanajua namba za siri za simu za wenzao bila shida yoyote. Swali la kukutofautishia ni moja: nini hutokea siku anapokataa, anapochelewa au anapokosea? Kama hununiana kidogo kisha mambo yakaisha, hiyo ni ndoa ya kawaida. Kama hunyimwa nauli, huhojiwa mpaka usiku wa manane, hutukanwa mbele ya mtoto au hulala akiogopa, basi hakuna tena makubaliano hapo. Makubaliano yasiyoweza kujibiwa kwa "hapana" si makubaliano.

Kabla ya kusema chochote, chagua mambo mawili au matatu uliyoyaona kwa macho yako. Yale uliyosikia kwa wapangaji wenzake yaache. Ukiyataja, atajua kwamba anasemwa mtaani, na mazungumzo yatageuka kuwa ya nani kasema nini.

Chagua mahali, na simu iache

Mtu anayebanwa kwa kawaida hana faragha ya simu. Mume anaweza kuisoma usiku, au akawa ameiunganisha WhatsApp ya mkewe na kifaa kingine, hivyo kila ujumbe anaouona mke naye anauona kwingine. Aliyeishika simu anaweza kuangalia hilo katika menyu au mipangilio ya WhatsApp, sehemu iliyoandikwa `Linked devices`. Lakini usimwelekeze kuiangalia au kuondoa kifaa kwa haraka, kwa sababu mume atagundua kwamba amekatiwa, na atataka kujua nani amemfundisha mkewe. Kufuta ujumbe nako kuna hatari yake: kwa mtu mwenye shaka, mazungumzo yaliyofutwa ni ushahidi tosha. Basi jambo hili lisemwe kwa mdomo, ana kwa ana. Usilitume kwa maandishi, wala kwa ujumbe wa sauti, wala kwa fumbo kwenye picha ya hali yako ya WhatsApp.

Tafuta mahali ambapo kuwapo kwenu pamoja hakuhitaji maelezo. Zaina hawezi kumwambia Rehema, "Njoo kwangu Jumapili tuzungumze," maana ruhusa ya Jumapili itaombwa na swali litaulizwa. Ila wanaweza kwenda pamoja Kariakoo kuchukua mzigo wa khanga, jambo ambalo mume analijua na analikubali. Wengine hupata nafasi saluni wakati wa kusukwa, njiani kwenda kliniki ya mtoto, au wakati wa kuosha vyombo msibani. Kilicho muhimu ni kwamba mume hayupo, ndugu zake hawapo, na mtoto wa umri wa kuhadithia nyumbani aliyoyasikia hayupo. Msichague pia saa ambayo simu ya video hupigwa. Kama huwa inapigwa saa saba mchana, anzeni saa nne asubuhi.

Usianze siku ambayo wewe mwenyewe una hasira. Ukitoka kumwona mume akimfokea mkewe sokoni, ngoja siku mbili tatu. Hasira yako humlazimisha rafiki kuchagua: ama aungane nawe dhidi ya baba wa mtoto wake, ama amtetee. Wengi watamtetea.

Sema ulichokiona, kisha uliza

Wako njiani wakirudi kutoka Kariakoo, mzigo umeshafungwa. Zaina anaweza kuanza hivi:

"Mama Jamila, kuna jambo linanikaa moyoni. Likikukera niambie ninyamaze, sitachukia."

"Jambo gani tena?"

"Siku hizi simu ikiita nakuona unashtuka. Juzi ulimwacha mteja na hela yake mkononi ukaenda kuonyesha kamera. Na kikoba umekiacha, wewe uliyekuwa unatuvuta masikio tukichelewa. Nina wasiwasi na wewe. Mwenyewe unajisikiaje?"

Kisha Zaina ananyamaza. Kimya hicho ni kigumu, na wengi hukijaza kwa ushauri. Asikijaze. Rehema anahitaji muda wa kuamua aseme kiasi gani.

Yatazame maneno ya Zaina. Ameanza kwa kuomba nafasi, na amempa Rehema uwezo wa kumnyamazisha. Kwa mtu ambaye nyumbani hana sauti, hilo tu lina uzito. Ametaja mambo aliyoyaona mwenyewe, na yote yanamhusu Rehema: kushtuka kwake, mteja wake, kikoba chake. Hakusema kwamba shemeji ni mkorofi wala kwamba "yule si mwanamume". Hakutumia neno "ukatili" wala "unyanyasaji", kwa sababu Rehema mwenyewe bado hajalitumia, na mtu akibandikiwa jina ambalo hajalikubali hutumia nguvu zake zote kulikana. Akamaliza kwa swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa "ndiyo" au "hapana".

Maneno mengine huonekana ya upole lakini yanachoma. "Mbona unakubali?" humwambia kwamba kosa ni lake. "Ningekuwa mimi ningeshaondoka" humwambia kwamba wewe ni shupavu kuliko yeye. "Vumilia, ndoa ndivyo zilivyo" humfungia mlango. Na sifa za jinsi alivyokuwa mchangamfu zamani, zikizidi, humfanya ajione ameharibika.

Majibu utakayopewa

Usitegemee atalia na kukushukuru. Mara nyingi atakana, na kukana huko ni kinga yake: akikubali mbele yako, kesho utamuuliza amefanya nini, naye hana jibu.

Anaweza kusema, "Ah, ni wivu tu. Mwanaume asiye na wivu hakupendi." Usibishane naye juu ya mapenzi. Mjibu, "Najua mnapendana, wala sisemi hakupendi. Nimesema nilichokiona, maana nisingetaka uje ufikiri sikuona." Jibu hilo halimvunjii chochote, na linabaki akilini mwake.

Anaweza kujilaumu: "Na mimi nina makosa. Nilichelewa siku ile, ndiyo maana." Hapo unaweza kutenganisha kosa na adhabu bila kumhukumu mtu: "Kuchelewa ni jambo la kuambiana. Kunyimwa nauli wiki nzima ni jambo jingine." Ukishasema hivyo, acha. Usimpangie orodha ya makosa ya mume.

Anaweza kukugeukia: "Wewe huna mume ndiyo maana hufurahii nikiwa na wangu." Maneno hayo yanauma, na pengine si yake, ni ya mume aliyokwisha kuyasema juu yako. Usiyalipe. "Nimekusikia. Hutaki tuliongelee, sitaliongelea. Mimi niko meza ya pili, nipo vile vile." Kisha mzungumzie bei ya madera, na umaanishe ulichosema.

Na anaweza kukufungulia moyo, kisha akakuomba, "Usimwambie mtu." Mpe ahadi unayoweza kuitimiza tu: "Sitamwambia mtu bila wewe kujua. Isipokuwa nikiona uhai wako au wa Jamila uko hatarini, hapo nitaomba msaada, na nitakwambia kwanza nikiweza." Ni afadhali ajue mipaka ya siri yako mapema kuliko kuigundua baadaye akadhani umemsaliti.

Masharti humsaidia mbanaji

Marafiki wengi wema huanguka hapa. Wamesema mara mbili, mara tatu, hakuna kilichobadilika, na siku moja wanatamka: "Chagua, mimi au yeye." Wengine huliweka kwa upole zaidi, lakini bado ni sharti: "Ukirudi kwake safari hii usinililie." "Mimi kwako sikanyagi tena mpaka aondoke yule." "Nikisikia umempa tena hela zako, tusijuane."

Tazama sharti hilo linafanya nini kwa Rehema. Nyumbani anaishi na mtu anayemwambia la kufanya na kumwadhibu asipotii. Sasa wapo wawili. Zaidi ya hayo, wengi wanaotoka katika ndoa za namna hii hutoka na kurudi kabla ya kutoka moja kwa moja, kwa ajili ya watoto, kodi ya nyumba, aibu kwa wazazi, mahari iliyokwisha kuliwa, au matumaini kwamba mume atabadilika kweli. Aliyekwisha kuambiwa "usinililie" atarudi kwa mume kimya kimya, na safari ya pili hatakuambia. Na mume akimwambia, "Unaona? Hata huyo Zaina wako amekutupa," atakuwa anasema kweli.

Hii haina maana kwamba wewe huna mipaka. Unayo, ila mpaka wako uhusu matendo yako, usihusu uamuzi wake. "Siwezi kumwambia shemeji kwamba tulikuwa wote wakati hatukuwa wote, kwa sababu akigundua tutaumia sisi wawili." "Mwezi huu siwezi kukukopesha, lakini chakula cha mchana tutakula pamoja." Maneno hayo yanasema unachoweza na usichoweza, na hakuna mahali yanapomwambia kwamba urafiki utakwisha akichagua vingine.

Usimkabili mume, wala usiitishe kikao bila idhini ya rafiki

Kuna kishawishi cha kumvuta shemeji pembeni na kumwambia ukweli. Usifanye hivyo. Kwako atakuwa mpole, pengine atakushukuru. Nyumbani Rehema ataulizwa amesema nini, kwa nani, tangu lini, na adhabu ya swali hilo hutaiona wewe.

Kikao cha wazee nacho kinahitaji tahadhari. Kwetu ndoa ikiyumba huitwa wazazi, mshenga, shangazi, somo wa bibi harusi, na vikao hivyo vimesuluhisha mengi. Vinafaa pale wawili wanapogombana wakiwa sawa. Pale mmoja anapomwogopa mwenzake, mke huulizwa mbele ya mume, "Haya mwanangu, sema shida yako," naye atasema hakuna shida. Au atasema, wazee watamtaka mume apunguze ukali na mke aongeze heshima, watakula pilau, kisha wawili hao watarudi nyumbani wenyewe. Kama kuna mtu mzima anayeaminika, muulize Rehema kwanza, "Shangazi yako wa Mbagala unamwonaje katika jambo hili? Ungependa ajue?" Akikataa, heshimu. Yeye ndiye anayejua shangazi huyo ana mdomo wa namna gani.

Baada ya mazungumzo

Turudi kwa wanawake wetu wawili. Siku ile Rehema alisema ni wivu tu, na wiki iliyofuata alikuwa baridi. Zaina hakulirudia jambo hilo. Aliendelea kumwekea chai, kumtunzia meza akienda kuswali, kumpa salamu za mtoto. Mwaliko wa kikoba aliendelea kuutoa bila lawama: "Leo tunakutana saa kumi, kiti chako kipo." Kwa siku nyingi Rehema hakwenda. Kisha asubuhi moja, wakipanga bidhaa, akasema bila kumtazama, "Jana kanifungia nje."

Hapo ndipo kazi ya siku ile ya Kariakoo ilipoonekana. Amerudi kwa sababu palikuwa na mahali pa kurudi. Na jibu la Zaina bado si "Nilikwambia." Ni "Pole mwenzangu. Ulilala wapi?" na baadaye, "Ungependa mimi nifanye nini?" Huenda Rehema akataka kusikilizwa tu. Huenda akataka jambo dogo, kama kutunziwa nakala ya kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa cha Jamila. Huenda akataka wapatane neno la siri, tuseme akiuliza "Yale madera ya kijani yamefika?" maana yake ni kwamba anahitaji msaada. Mfanyie analolitaka yeye, kwa kiasi anachokitaka.

Akiuliza haki zake, mweleze machache ya hakika. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 56, inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali yake, kwa hiyo mtaji wa khanga si wa mume kwa sababu tu ameoa. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa kisingizio cha kumwadhibu. Na akifika mahali pa kutaka talaka mahakamani, kwa kawaida shauri hupita kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Ushauri wa kina auchukue kwa mwanasheria, na vyama vya wanasheria wanawake, TAWLA kwa Tanzania na FIDA kwa Kenya, hutoa msaada wa kisheria kwa wanawake wasio na uwezo. Namba na anwani usimtumie kwa simu. Mwambie kwa mdomo, au mtunzie wewe.

Hatari ikiwa kubwa

Zipo dalili zinazobadilisha uzito wa jambo, hata kama huko nyuma hakukuwa na kipigo: mume amewahi kumkaba koo, ametishia kumuua yeye, watoto au kujiua mwenyewe, ana silaha na huitaja, humfuatilia anakokwenda, au ukali wake umeongezeka mkewe alipopata ujauzito. Kukabwa koo kusidharauliwe hata kama hakukuacha alama, kwa kuwa ni miongoni mwa dalili zinazotangulia mauaji. Na kipindi cha hatari zaidi ni kile mwanamke anapoondoka au anapotangaza kwamba ataondoka. Kwa sababu hiyo, kumsukuma rafiki aondoke leo bila mpango kunaweza kumdhuru zaidi. Akiamua kuondoka, mume asijue siku wala mahali, na watu wa kumpokea wawe wamekwisha kujulikana.

Ukiona dalili hizo, mwambie wazi: "Hili la kukabwa limenitisha. Naogopa uhai wako. Naomba tuzungumze na mtu anayelijua jambo hili." Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono ambapo matibabu, polisi na ushauri hupatikana mahali pamoja. Akiwa ameumizwa, polisi humpa fomu namba tatu, yaani PF3, ambayo daktari huijaza na huweza kutumika kama ushahidi. Kenya namba 1195 hupigwa bure kwa msaada wa ukatili wa kijinsia. Ukisikia kelele za kipigo wakati huo huo, usiingie peke yako. Ita majirani, piga polisi, kwa Tanzania namba 112.

Mengine yote yanaweza kusubiri, na kusubiri ndiko sehemu kubwa ya kazi hii. Huenda ukasema leo na jibu likaja baada ya mwaka. Huenda akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Wewe usiweke tarehe. Kama kuna jina lililokujia ulipokuwa ukisoma, mtafute wiki hii mahali ambapo mume wake hayupo, mwambie mambo mawili uliyoyaona, muulize anajisikiaje, kisha nyamaza umsikilize. Akikataa kusema, msalimie kesho kama kawaida.